Nane ya Rwezaura

Huku Kaisho HB, kipimo cha wingi wa damu, kila mtu anaijua. Wake zetu wameisikia kliniki ya wajawazito mpaka waume wameikariri: ikiwa kumi na moja, shwari; ikishuka, mchicha na maharage. Mistari mingine ya karatasi ya majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu hakuna anayeihangaikia. Mimi mtu wa maabara inanikera, na siku ile iliniumiza.

Rwezaura, mkulima wa kahawa, alimleta bintiye Vero, miaka tisa, amepauka, ana michubuko miguuni. Mashine ikatoa HB nne nukta sita. Chembe nyeupe elfu sitini na moja, wakati za mtoto kama yule hazizidi sana elfu kumi na tatu. Damu ya Rwezaura ikapimwa, ikalingana, akatoa chupa moja, mtoto akawekewa. Kesho yake HB ikasoma nane nukta moja.

Daktari Aristides akaandika rufaa ya Mwanza. Rwezaura akaitia mfukoni, akamrudisha mwanawe nyumbani, akawaonyesha majirani ile nane. Kuhusu chembe nyeupe aliwaambia ni askari wa mwili, tena wengi. Maneno hayo tunawafundisha sisi wenyewe.

Baada ya wiki tatu alirudi amempakata. Vero alikuwa akitokwa damu puani tangu asubuhi. HB tano nukta nane, chembe nyeupe elfu mia moja na kumi na mbili, chembe sahani, zile za kugandisha damu, elfu kumi na nne tu.

“Waitu daktari,” akaniambia kwa heshima ya kwetu, ingawa mimi si daktari, “ile nane imekwenda wapi?”

“Shikamoo baba. Ile nane ilikuwa damu yako. Mwili wake hautengenezi yake.”

“Na askari?”

Nilikuwa nimezitazama chembe zile nyeupe kwenye darubini, nyingi zikiwa changa, hazijakomaa. Nikamwambia ukweli: askari wale hawajui kupigana, wamejaa kambini, yaani ndani ya mifupa, mpaka damu nyekundu inakosa pa kuzaliwa. Inaelekea ni saratani ya damu. Mwanza watapima uboho wa mifupa wapate uhakika. Ningeweza kumtupia kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Sikuthubutu. Alikuwa amekaa chini sakafuni.

Daktari akaita gari la wagonjwa, akasema mtoto aongezwe damu kabla ya safari. Rwezaura akasimama, akakunja mkono wa shati.

“Toa tena. Toa yote.”

“Haiwezekani, baba. Mwanamume akishatoa hungoja miezi mitatu. Tutatafuta kwa mwingine.”

“Miezi mitatu,” akasema. Akamtazama Vero, kisha mimi. “Huyu anayo?”

Nikamwambia sijui.