Wageni Waliopitia Mlango wa Uani

Nyumbani kwangu Bunju nina kompyuta moja ambayo ndani yake zinaishi kompyuta tano. Wapo wasomi waliokaa kwenye kochi langu, wakaiangalia, wakaondoka hawajaamini kwamba mpango ule ni wa mtu wa darasa la saba. Mie nilianza kwa kupuliza vumbi kwenye kibodi za intaneti kafe moja kule Temeke, nikajifunza kwa kuchungulia mabegani kwa watu. Leo natengeneza tovuti, na sijui watu wengi hapa mjini wanaozijaribu tovuti zao kama ninavyozijaribu mie.

Hizo kompyuta za ndani sie wa kazi hii tunaziita wageni. Mashine yenyewe ndiyo mwenyeji. Kila mgeni nimemkatia sehemu yake ya kumbukumbu na ya diski, nikamwekea Windows ya zamani na brauza ya zamani. Yeye anajiona ana mashine nzima, kumbe ni dirisha tu kwenye kioo changu. Watu huniuliza kwa nini nisiziweke brauza zote sehemu moja. Haiwezekani. Windows moja inakubali Internet Explorer moja tu. Ukiweka ya kumi na moja, ya nane inaondoka. Kwa hiyo kila mmoja analala chumba chake. Tena kila mgeni nimemhifadhi picha ya hali yake akiwa msafi. Nikishamchafua kwa majaribio, nairudisha ile picha, anaamka kama hajawahi kuguswa na mtu.

Kazi ninayotaka kuisimulia nilipewa na mzee mmoja anayeuza kwa jumla mabomba na vifaa vya umeme. Alikuwa na ghala moja na maduka manne ya pembezoni, na alitaka tovuti ambayo kila duka litatumia kuagiza mzigo ghalani, badala ya kupigiana simu na kusikilizana vibaya. Shida ilikuwa kompyuta za madukani. Programu yake ya risiti ilikuwa ya zamani, na printa zake zilikuwa zile za pini zinazolia kama cherehani. Havikukubali Windows mpya. Basi mashine zikabaki kama zilivyo, na ile ya Gongo la Mboto ilikuwa bado na Windows XP.

"Kampuni ya wale vijana wa chuo wameniambia nitupe zote ninunue mpya," aliniambia mzee. "Wewe unasemaje, fundi?"

"Mzee, mie kompyuta zako sizigusi. Tovuti yangu ndo itakayozifuata zenyewe."

Alinitazama kidogo. "Haya. Nakupa wiki mbili, na Jumamosi ya pili tutajaribia Gongo la Mboto. Ikifunguka, maduka yote manne ni yako. Isipofunguka, Jumatatu nawaita wale vijana."

Nilicheka. Nikamwambia Jumatatu hiyo aniletee kazi ya ghala pia, ya maduka nitakuwa nimeshamaliza.

Nilifanya kazi wiki mbili. Internet Explorer ya nane, ya mwisho kuingia kwenye XP, haijui kupanga ukurasa kwa njia za kisasa, kwa hiyo nikaupanga upya kwa majedwali, kama tulivyokuwaga tunafanya zamani. Siku moja kitufe cha kutuma oda kiligoma. Nikafungua kidirisha cha kutafutia makosa, kikafanya kazi. Nikakifunga, kikagoma tena. Mtu mwingine angelia. Mie nilijua: kwenye ukurasa niliacha amri ya kujiandikia maelezo kwenye kile kidirisha, na brauza ile, kidirisha kikiwa kimefungwa, haiijui hiyo amri na inasimama hapo hapo. Nikaifuta. Mgeni wa XP akatuma oda vizuri. Wa Windows 7 naye akatuma. Wote watano wakapita. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, nikamwita aje aone. Akasema, "Hongera. Ila umeshaniita mara nne kwa kitu kile kile."

Jumamosi asubuhi nilifika dukani nikiwa na laptopu begani na nakala ya yule mgeni wa XP ndani yake. Kaunta ilikuwa ya dada mmoja wa makamo, mtu wa Lindi, anayechapa kwa vidole viwili haraka kuliko makarani wa vidole kumi. Mzee alikuwa ameketi kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa kidogo, lakini haya."

Dada alinitazama kuanzia viatu. "Wewe ndo profesa?"

"Ndo mie, dada."

"Profesa, nikwambie mapema. Mwaka fulani alikuja mmoja akasema anasafisha tu kompyuta. Printa ikagoma wiki nzima, nikaandika risiti kwa mkono mpaka kidole kikaota sugu. Huyo hakurudi tena. Sijui kama yupo hai."

"Mie sigusi kitu. Andika anuani tu."

Akaandika. Tukasubiri. Kioo kikawa cheupe, kisha yakatokea maandishi kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa. Akarudia. Vilevile.

"Labda mtandao," nikasema.

Dada akafungua kidirisha cheusi, akajaribu kuifikia seva ya tovuti yangu kwa jina. Majibu yakarudi yote. "Mtandao upo," akasema. "Tovuti yako ndo haipo, profesa."

Mzee akatazama saa. "Mie naenda kuswali adhuhuri. Nikirudi, nitakuta imefunguka au nitakuta umeondoka."

Alipotoka, nilihisi jasho linashuka mgongoni, na haikuwa joto la Gongo la Mboto. Nilifungua laptopu, nikaiunga na simu yangu, nikamwasha mgeni wa XP. Nikaandika anuani ile ile aliyoandika dada. Ukurasa hauwezi kuonyeshwa. Mgeni wangu mwenyewe, aliyepita nyumbani mara mia, alikuwa ananikatalia mbele ya mtu.

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulinichoma. Nyumbani sikuwahi kumpeleka mgeni kwenye tovuti iliyopo mtandaoni. Kuna namba ambayo mgeni akiiandika, anaingia moja kwa moja kwenye mashine ya mwenyeji wake, na mie nilikuwa nimeiweka tovuti hapo hapo, bila kufuli, ili nisile bando. Wiki mbili wageni wangu walipitia mlango wa uani. Mlango wa mbele, ule ambao watu wote wanaingilia, una kufuli la kulinda nywila, na seva niliyokodi inakubali makufuli ya kisasa tu. Internet Explorer ya nane kwenye XP haina ufunguo wake. Ukurasa wangu haukuwa na kosa hata moja. Hakuna aliyefika kuuona.

"Umepata?" dada akauliza.

"Nimepata kosa."

"La nani?"

"Langu."

"Eti?"

"Dada, umesikia. Langu."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Mteja aliyekuja kununua koki naye akacheka, hajui anacheka nini.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kulegeza kufuli la seva. Mwenye seva hakuruhusu, na alikuwa na haki, maana nywila za maduka yote zingepita uchi. Ya pili ilikuwa kumtafutia XP brauza nyingine yenye ufunguo. Mie nina diski ya nje ninayotunzia brauza kuukuu zote, kama wengine wanavyotunza sahani za wageni, na ndani yake ilikuwamo Firefox ya hamsini na mbili, ya mwisho kukubali XP. Ilikuwa ile isiyohitaji kusimikwa: folda moja tu, unaifungua hata kwenye flashi.

"Hapana," dada akasema kabla sijamaliza. "Ulisema hugusi."

"Haisimikwi. Inakaa kwenye folda yake. Ukiichoka, unaifuta."

"Na yule wa printa alisema hivyohivyo."

Nikageuza laptopu ikamtazama yeye. "Basi tumfanyie huyu kwanza. Huyu ni XP kama yako. Kikiharibika kitu, namrudisha alivyokuwa."

"Mrudishe nione."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akavuta laptopu, akafuta ikoni zote kwenye kioo cha mgeni, akabadilisha picha ya nyuma ikawa nyekundu, akafuta na folda yangu ya majaribio. "Haya, profesa." Nikamzima mgeni, nikarudisha ile picha ya hali yake, nikamwasha. Ikoni zote zilikuwapo, kioo kilikuwa buluu, folda imekaa pale pale. Dada akazihesabu ikoni moja moja. Kisha akasema, "Kumbe unajua kitu."

Nikamwekea mgeni ile folda. Safari hii nikapita mlango wa mbele, anuani kamili. Tovuti ikafunguka na kufuli lake. Dada mwenyewe akaagiza koki kumi za majaribio, zikatoka. Niliona pia kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile: kwenye brauza ile ukurasa wangu wa kwanza kabisa, kabla sijaupanga kwa majedwali, ungefunguka bila taabu. Wiki mbili zangu zilikuwa za bure.

Ndipo akaniruhusu nichomeke flashi kwenye mashine yake. Nikanakili folda, nikamweleza kwamba brauza hii ni ya oda peke yake, asizurure nayo kwingine, maana XP haina tena anayeilinda. Akaifungua, akaandika anuani, akaingiza oda ya kweli: bomba za nusu inchi, gundi, viwiko vya kuungia kona. Akatuma. Halafu, kabla hata ya kunitazama, akachapa risiti ya yule mteja wa koki kwenye programu yake ya zamani. Printa ikakohoa, ikanyamaza, moyo wangu ukanyamaza nayo, kisha ikaanza kulia kama cherehani.

Simu ya duka ikaita. Mtu wa ghala. "Nimeona oda yako humu kwenye kompyuta. Hivi viwiko ni thelathini kweli?"

"Soma ulichoandikiwa," dada akasema, akakata.

Mzee akarudi, kofia bado kichwani. Hakuniuliza mie. Alimuuliza yeye.

"Inafanya kazi?"

"Oda imefika ghalani, na risiti inatoka. Ila si kwa brauza yangu ya zamani, ameniwekea nyingine ya pembeni. Na profesa alikosea. Hakuwahi kujaribu anuani yenyewe."

Nilitaka kuongeza maneno. Ninayo maneno mengi siku zote. Nikasema tu, "Ni kweli, mzee."

Mzee akaketi kwenye ndoo yake. "Ulisema hugusi kompyuta, umegusa."

"Nimegusa, mzee."

"Baada ya yeye kukuruhusu?"

"Alijaribia kwenye mashine yake kwanza," dada akadakia. "Na mie nikamjaribu yeye."

Mzee akafikiri, akipiga ndoo kwa kidole. "Maduka matatu yaliyobaki, chukua. Lakini duka lolote, usichomeke kitu mpaka mwenye kaunta aseme ndiyo."

Tangu siku ile wageni wangu wote Bunju wanapita mlango wa mbele, bando liishe lisiishe. Na bado nasema hakuna anayejaribu tovuti kama mie, maana sasa ni kweli zaidi ya ilivyokuwa.

Jumanne nilikwenda duka la Mbagala. Mwenye kaunta alikuwa bwana mmoja mnene ambaye hatujawahi kuonana. Alikuwa ameshasogeza mizani pembeni na kufuta vumbi mahali pa kuweka laptopu.

"Karibu, profesa," akasema. "Dada wa Gongo la Mboto kanipigia. Kabla ya yote, huyo mgeni wako nimharibu kidogo, halafu umrudishe nione."