Tarumbeta ya Sadoki katika Ratiba ya Mkutano

Mwaka ule wakulima wa kahawa walipoandaa mkutano wao Arusha mjini, Eunike, mpiga chapa wa chama chao cha ushirika, alikabidhiwa ratiba. Chini ya jina la kila msemaji palitakiwa mistari minne ya kumtambulisha. Wasemaji wote walikuwa tayari, isipokuwa Sadoki wa mlimani, ambaye angeeleza jinsi majirani wanavyotumia mashine moja ya kumenya kahawa. Yeye alikuwa ameleta maneno matatu tu: "Mimi ni mkulima."

"Yabadilishe tu yawe 'Yeye ni mkulima'," alisema katibu, Bwana Manase. "Lakini tia na jambo moja la kumfanya akumbukwe. Watu watasikiliza wasemaji wengi siku hiyo."

Jambo gani? Swali hilo lilimkera Eunike hata akapanda mlimani mwenyewe. Alimkuta Sadoki kihambani, katika shamba la nyumbani kwake, akipogoa mibuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini huku kwenye tope?"

"Nimekufuata wewe. Nikuandike vipi?"

Sadoki akacheka, akaendelea kupogoa. Kabla Eunike hajauliza tena, tarumbeta ililia kutoka ng'ambo ya mfereji. Mara mama mmoja akatoka mbio na kikapu cha kahawa mbivu.

"Mbona ametoka huyo mmoja tu?" aliuliza Eunike.

"Zamu yake imefika," alisema Sadoki. "Kahawa mbivu ikilala bila kumenywa huharibika. Zamani tulisukumana mashineni kutwa nzima. Sasa kila nyumba ina wimbo wake. Leo mwanangu Mika ndiye anayepuliza. Siku nyingine hupuliza mimi."

Eunike akaandika papo hapo, akamsomea: "Bwana Sadoki, mkulima mashuhuri wa Meru, huwaita majirani zake mashineni kwa tarumbeta, kila nyumba kwa wimbo wake."

"Futa 'mashuhuri'," alisema Sadoki. Kisha akashusha mkasi. "Na hayo mengine si kweli yote. Nyimbo alizigawa mke wangu, Tabitha. Mimi nina pumzi tu."

"Lakini msemaji ni wewe, baba."

"Basi na mimi niandikwe nilivyo."

Bwana Manase aliguna aliposoma jina la mtu asiyesema mkutanoni, tena mwanamke. Mistari ilikuwa minne ile ile, haikuzidi. Akakosa sababu ya kukataa. Eunike akaipiga chapa kwenye stensili, karatasi ya kunakilia.

Siku ya mkutano mwenyekiti alisoma: "Bwana Sadoki ni mkulima wa Meru. Huwaita majirani mashineni kwa tarumbeta, kila nyumba kwa wimbo wake. Nyimbo hizo zilichaguliwa na mkewe, Tabitha." Minong'ono ikazagaa ukumbini. Sadoki alipomaliza kueleza zamu, mzee mmoja akasimama.

"Nyumba mbili zikigombania wimbo mmoja, mnafanyaje?"

Sadoki akageukia viti vya nyuma, alikoketi mkewe. "Hilo mwulizeni mwenyewe."

Tabitha akainuka, akatengeneza kanga yake, na Eunike akasogeza kiti chake mbele ili amsikie vizuri.