Leso ya Binti Yangu na Chupa Nne

Pua yangu ndiyo iliyokuwa duka langu. Samaki wakifika soko la Busia kutoka Port Victoria, nilikuwa nafunua shavu, nanusa, nasema: huyu wa leo, huyu wa jana, huyu mrudishe ziwani akazikwe na ndugu zake. Wanawake walitoka Malaba wakazipita meza za wenzangu wote kuja kwangu, na sikumwonea mtu haya. Pua ni pua.

Kisha nikaugua. Homa, kikohozi, mwili kama uliopondwa kwenye kinu. Homa ilipoisha, mjukuu wangu ninayeishi naye akaniletea chai ya tangawizi. Nikamwuliza kwa nini ameniletea maji moto.

"Kukhu, umeanza utani wako," akaniambia mimi bibi yake, akicheka.

Haukuwa utani. Niliporudi sokoni nilifunua shavu la mbuta nikavuta kwa nguvu. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Samaki hawakunitoa machozi. Samaki unamtazama jicho, unambonyeza nyama kwa kidole, unajua. Machozi yalikuwa nyumbani, kwenye mkebe wa biskuti. Humo nimeweka leso ya binti yangu, mama wa huyo mjukuu. Alipofariki niliinyakua kabla wafuaji hawajaifikia. Ilikuwa na jasho lake, mafuta yake ya nazi, moshi wa jiko lake. Nikimkosa sana nilikuwa nafungua kidogo, navuta, nafunga haraka asije akaisha. Siku ile nilitia uso mzima ndani nikapata kitambaa tu. Niliona nimemzika tena.

Hospitalini daktari wa pua alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa mamake. Akanimulika puani, akasema, "Mama, ugonjwa umeumiza sehemu ya ndani inayonusa. Inaweza kuamka, lakini lazima uifundishe, kama mtoto anavyofundishwa kusema."

Dawa yake ikawa chupa nne zenye vifuniko, kila moja na kipande cha pamba kilicholowa mafuta: waridi, limau, karafuu, mkaratusi. Asubuhi na jioni, nivute kila moja polepole, pumzi fupi fupi, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, nipumzike kidogo, niende nyingine.

"Na kama sisikii kitu?"

"Vuta hivyo hivyo, na akili ikumbuke. Ukishika limau, lione limau, likate kichwani mwako. Ni kazi ya miezi, mama."

"Itarudi?"

"Wengi hurudishiwa kiasi. Wengine hapana. Sitakudanganya."

Nikampenda kwa hilo. Akaniambia pia nisile kiporo kwa kukisia, na jiko la gesi aliloninunulia mwanangu wa kiume niache kulitumia nikiwa peke yangu. Nikarudi kwa makaa, mimi niliyejigamba kwa majirani kuhusu gesi yangu.

Chupa nikaziweka mle mle kwenye mkebe, juu ya leso, mahali ambapo singezisahau. Sokoni wenzangu walinicheka. "Mama, unavuta ugoro siku hizi?" Nikawaambia ugoro ni wa bibi zenu. Kwa muda mrefu sikupata chochote. Kisha vitunguu vikaanza kunuka tairi linaloungua, na kahawa ikanuka mfereji. Nikadhani pua imeharibika kabisa. Daktari akasema hapana, inajaribu, ila inakosea, niendelee.

Nikaendelea. Jioni moja nilifungua mkebe, na kabla sijagusa chupa yoyote, kitu kikanigusa puani. Chembamba, kitamu, chenye joto. Kilitoka kwenye leso. Niliiinua kwa mikono miwili nikavuta, na kikaja tena.

"Njoo!" nikapiga kelele. "Njoo, mama yako amerudi!"

Mjukuu akaja mbio, mikono ina unga. Akainama, akanusa. Akanusa mara ya pili, akanitazama.

"Sema."

"Kukhu... hiyo ni karafuu."

"Nusa vizuri."

"Nimenusa. Ni karafuu na ule mkaratusi. Chupa zimevuja." Akainusa upande wa pindo, akainusa katikati, akitafuta. Nikaona machozi yake kabla hajasema. "Hamna kingine. Mama hayumo."

Nilikaa kitandani na leso mapajani. Pua yangu ilikuwa imerudi kiasi, kama daktari alivyosema, na kile nilichotaka kukinusa tena kilikuwa kimeondoka kwa mkono wangu.

Mjukuu akakaa kando yangu. "Alinukaje?" akauliza. "Mimi nilikuwa mdogo."

Nikafumba macho, kama ninavyofanya na chupa. Nikaanza na mafuta ya nazi, nikaenda kwa moshi, nikamwambia polepole mpaka giza likaingia.

Bado nauza samaki. Shavu naangalia kwa macho, na nikiwa na shaka namwita mjukuu anuse. Ana pua kali. Chupa ziko dirishani sasa. Leso iko peke yake mkebeni, na asubuhi nikimaliza mkaratusi, naifungua, naivuta, na akili inamkumbuka binti yangu.