Salamu Ndefu Kabla ya Baruti

Baba yangu haombi kitu kwa mtu kabla hajamsalimia mpaka mtu huyo achoke. Ni malezi ya kwao Kasai, ambayo wazee wake walikuja nayo Kolwezi pamoja na masanduku yao, na sisi watoto tulichapwa kwa kuyasahau. Alipojifunza kuandika baruapepe kwenye simu, aliziandika vivyo hivyo.

Mama alikuwa amevunjika paja. Daktari alimtia chuma, akamrudisha nyumbani na kuagiza alale chali, asiinuliwe ila na watu wanaojua kuinua mgonjwa. Nyumba yetu iko karibu na ukingo wa mgodi. Siku ya kulipua mwamba, king'ora hulia, walinzi wenye bendera nyekundu hupita nyumba kwa nyumba, na kila mtu huenda kwenye uwanja wa kanisa kungoja baruti ziishe. Haachwi mtu ndani. Ofisi ya kampuni inayoshughulika na wakazi ilikuwa imetangaza kwamba mwenye mgonjwa aandike baruapepe siku moja kabla, naye atatumiwa ambulensi.

Baba aliandika. Bwana wa ofisi ile alimjibu haraka, kwa adabu: alishukuru sana kwa salamu na baraka, akamtakia “tata”, yaani baba, na jamaa yake amani ya Bwana. Basi. Ambulensi haikuja. Mama alibebwa nje juu ya kiti cha plastiki, baba upande huu, jirani upande ule, na tangu siku hiyo akawa analia usiku, akidhani hatumsikii.

Kisha gari la kipaza sauti likapita tena. Kesho, saa sita mchana, baruti. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda pikipiki hadi nyumbani. Mimi ni sekretari katika ofisi ya malori yanayopeleka shaba mpakani. Kutwa nzima nasoma baruapepe za watu, na najua bosi wangu anavyozisoma: mistari miwili kwenye simu, huku anaongea na mtu mwingine.

Nilimkuta baba mezani, miwani puani, anaandika kwa kidole kimoja. Mama alikuwa amelala chumba cha pili, pazia limefungwa. Nikaichukua simu nisome, na damu ikanipanda kichwani. Barua mpya ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza! Alidhani ile ya kwanza haikuwa na heshima ya kutosha.

Ilikuwa ya Kifaransa safi, cha wakati wake. Ilianza kwa kumsalimia bwana, mke wa bwana, watoto wa bwana na wakubwa wa bwana. Ikasimulia jinsi baba alivyofanya kazi katika stoo ya mgodi wa zamani, tangu ujana mpaka mvi. Ikaeleza nyufa za ukuta, vumbi la msimu wa kiangazi, na kuanguka kwa mama kwenye ngazi ya kanisa. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na ofisi ile hufungwa jioni. Baada ya hapo hakuna wa kupanga ambulensi.

Nikaanza kufuta. Baba akashika mkono wangu.

“Weye unataka nimuambie ule tata ‘leta’, kama vile naita mutoto wa dukani?”

Nikamwambia hapana, ile salamu ya bonjour itabaki, na asante itabaki. Lakini ombi litatangulia, kwa sababu yule bwana hafiki chini. Mara ya kwanza alisoma salamu, akajibu salamu, hakumdharau mtu. Baba akasema mtu mwenye elimu husoma barua mpaka mwisho. Nikasema, kwa sauti niliyoijutia papo hapo, kwamba hao wenye elimu ndio nawafanyia kazi. Akauachia mkono wangu. Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo, nikajua mama anasikiliza.

Nikaendelea kusoma kwenda chini, natafuta lile ombi nilipandishe juu. Nikapita stoo, nikapita nyufa, nikapita ngazi ya kanisa, nikafika kwenye baraka za kufungia. Nikarudi juu, nikatafuta tena, polepole. Halikuwemo. Neno ambulensi halikuwemo popote. Mwishoni kabisa baba alikuwa ameandika kwamba anamwomba bwana awafikirie.

“Tata, unaomba nini?” nikamuuliza.

“Si nimeandika? Batufikirie.”

“Bafikirie nini?”

Kwetu hilo linatosha. Ukimwambia jirani “munifikirie”, anatazama hali yako, anaelewa, na hukumlazimisha wala hukujidhalilisha. Lakini jirani anakuona. Yule bwana wa ofisini alikuwa hatuoni. Nikamwambia hivyo, sasa kwa upole, kwa maana hasira ilikuwa imeniishia na woga umekaa mahali pake. Nikamwomba aniambie jambo lenyewe kana kwamba mimi si mtoto wake.

Alivua miwani. Alitazama pazia, kisha akasema kwa sauti ya chini sana:

“Mi sina tena nguvu ya kumubeba mama yako. Ile siku nilimuangusha ku mulango.”

Sikujua. Jirani hakusema, mama hakusema. Nilitamani kumshika bega, lakini baba yangu si mtu wa kushikwa bega na binti yake. Nikainamia simu. Juu, pale pa kichwa cha habari, nikaandika: Ombi la ambulensi kesho kabla ya saa nne asubuhi, mgonjwa hawezi kutembea. Chini yake nikaandika, nikimsomea kila sentensi:

“Bonjour Bwana. Tafadhali mtutumie ambulensi yenye machela kesho kabla ya saa nne asubuhi, imtoe mke wangu nyumbani kabla ya baruti na kumrudisha baadaye. Amevunjika paja, daktari amekataza asikalishwe, na mimi siwezi kumbeba.”

Hapo akanisimamisha. Nikadhani atasema niifute ile ya mwisho.

“Iache,” akasema. “Lakini uniwekee samahani.”

Nikaiweka, pale inapofaa: samahani kwa kuwasumbua, na asante kwa msaada wenu. Kisha barabara, rangi ya geti, namba ya simu, jina lake. Stoo, nyufa na ngazi nikaziondoa zote. Alitazama barua ile fupi kama mtu anayetazama nyumba iliyohamwa. Akabonyeza mwenyewe.

Tukangoja jibu. Umeme ulikatika, ukarudi. Mara simu ikalia, si ujumbe, ni yule bwana mwenyewe. Aliuliza swali moja tu, kama geti linatosha gari kuingia. Baba akasema linatosha, halafu akaanza kuuliza habari za nyumbani kwake. Nikatoka nje niwaache.

Asubuhi ambulensi ilikuja. Wauguzi walikuwa wawili, wakamhamishia mama kwenye machela bila kumkunja. Baba alisogea ashike pembe moja. Muuguzi akamwambia kwa heshima, “Tata, utangulie tu,” naye akatangulia, akasimama mlangoni akiushikilia wazi kwa mikono miwili. Mama alipofika pale alifumba macho na kukaza meno. Wakampitisha. Alipoyafumbua alikuwa uani, chini ya jua, akamtazama baba.

“Kumbe haiume,” akasema.

Baba alibaki ameushikilia ule mlango. Ikabidi nimwambie kwamba tayari, twende, king'ora kitalia.