Joto Sitini na Nne

Kwenye ranchi wanamwita Bwana Joto, na wageni hudhani ni kwa ajili ya hasira. La. Fundi huyu wa kurusha droni ni mpole kama maji mtungini. Jina alilipata kwa aibu.

Kiangazi kile jua lilikuwa kali mno, ng'ombe wakawa wanalishwa usiku. Mchungaji alikuwa mjomba wake wa toka nitoke, aliyehesabu mifugo tangu mpwa hajaota meno. Saa mbili usiku mjomba akaingia ofisini kwa msimamizi.

"Nina sitini tu. Mitamba wanne siwaoni, na wana mimba."

Mpwa alikuwa humo, ndiyo kwanza ameishusha droni. Kwenye kioo, kamera ya joto ilionyesha uwanda mweusi wenye madoa meupe. "Hawa hapa, mjomba, wamelala mteremkoni. Sitini na nne kamili. Macho yako yameshastaafu, umebaki wewe."

Msimamizi akacheka, akaandika "wote wapo", akaenda kulala. Mjomba akachukua fimbo yake akatoka kimya.

Ukimya ule ukamkosesha mpwa usingizi. Saa tisa akairudia video. Ng'ombe aliyelala hugeuza shingo, hupunga sikio. Madoa manne ya mteremkoni hayakutikisika hata kidogo. Akarusha droni tena. Ng'ombe wa kundini waling'aa vilevile, lakini yale manne yalikuwa yamefifia, karibu rangi ya ardhi. Mawe! Yalikuwa yamelishika jua la mchana, na sasa yamepoa.

Angeweza kunyamaza. Asubuhi lawama ingemwangukia mchungaji, maana nani hulaumu mashine? Lakini anayenyamaza mwenziwe akibebeshwa kosa lake naye ni mwongo, hata asifungue kinywa. Akagonga mlango wa msimamizi.

"Nilihesabu mawe, bosi. Mjomba alisema kweli."

"Mawe? Basi mitamba wako nje tangu jioni! Upande usio na uzio ni upi?"

"Wa barabara kuu."

Wakapanda gari, wakampitia mjomba kundini. Kwenye mwinuko, fundi akaweka betri mpya, akarusha. Dakika kumi hakuna kitu. Kisha, kando ya mtaro wa barabara, madoa manne, yakienda kwa mstari. Taa za lori zilikuwa zikimulika mbali.

"Haya, mpwa," mjomba akasema, "hao ni ng'ombe au kokoto?"

"Ni joto, mjomba. Joto linalotembea."

"Basi ngoja nikalishike mkia."

Akateremka mbio, umri wote ule, akapiga mluzi. Mitamba wakageuka, lori likapita likipiga honi.

Tangu siku hiyo fundi huandika daftarini, "Nimeona joto sitini na nne." Neno ng'ombe huandikwa na mjomba, akishafika na kuwaona kwa macho.