Kopo la Pili Lilikwenda Bukiriro

Naandika haya mdogo wangu akiwa na mimba ya miezi minane, na bado naogopa simu yake ikiita asubuhi.

Kazi yangu ni makaratasi. Ni wakala wa forodha pale Rusumo, na kwa miaka mingi nimejivunia kwamba lori likisimama mpakani, najua lilichobeba kuliko hata dereva wake. Wenzangu ofisini hunitania kwamba nikitengewa ugali, nitautafutia kwanza fungu lake la ushuru. Huwa nacheka nao, na moyoni nafurahi kweli.

Mwaka huu usingizi ulinikimbia. Foleni ya malori, mtandao unaokwama, wenye mizigo wanaopiga simu kana kwamba mimi ndiye niliyelifunga geti. Siku moja nilimlalamikia mfanyabiashara ambaye nilikuwa nimemshughulikia mzigo wa virutubisho unaokwenda Kigali. Akatoa kwenye begi lake makopo mawili ya vidonge vya ashwagandha, akasema ni mzizi uliosagwa, asili yake India, unaondoa mawazo na kuleta usingizi. Alikuwa mkarimu tu, simlaumu. Mjinga nilikuwa mimi. Kwenye makaratasi ya mzigo ule nilikuwa nimejaza kwa mkono wangu mwenyewe kwamba bidhaa ni virutubisho vya chakula. Sikujaza dawa. Basi kichwani mwangu kikawa chakula, kama uji wa lishe.

Nikaanza kumeza kimoja kila jioni. Wiki mbili za kwanza nililala vizuri zaidi, au nilidhani nimelala. Kopo la pili nikampelekea mdogo wangu Bukiriro. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa na miezi minne, na hii ya sasa ilipofika mwezi huo huo akawa halali kabisa, anakaa kitandani ameshika tumbo. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa akili. Nilimwambia hiki ni chakula, na kama kimoja hakitoshi ameze viwili.

Mwezi wa pili wa kumeza vidonge ulipokaribia kwisha, moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Nimekaa tu kwenye kiti, unadunda kama nimepanda mlima. Mikono ikatetemeka mpaka saini yangu ikawa si saini yangu, sketi zikawa zinanidondoka, na usingizi ukapotea kuliko mwanzo. Niliamini ninakufa. Nikaomba ruhusa nikaenda hospitali Rulenge, ambako ndugu zetu wengi hutibiwa.

Daktari alikuwa kijana, mpole, asiye na haraka. Nilimweleza kwamba miaka kadhaa iliyopita nilipasuliwa goita, sehemu kubwa ya tezi ya shingo ikaondolewa, na tangu hapo kila asubuhi kabla ya kula nameza kidonge cha kujazia kazi ya ile tezi. Akauliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nikasema hakuna, tena nikasema kwa ukali kidogo, maana sipendi kuulizwa kitu mara mbili. Akauliza hata hivyo: mitishamba je, au virutubisho? Hapo nikafungua pochi na kumwekea kopo mezani, bila wasiwasi wowote.

Alilisoma, akasoma na kwenye simu yake, kisha akanieleza taratibu. Mzizi ule unaweza kupandisha homoni za tezi. Mtu mwenye ugonjwa wa tezi, hasa anayemeza vidonge kama vyangu, anaweza kuzidishiwa bila kujua, na homoni zikizidi ndivyo moyo unavyokimbia, mikono inatetemeka, mwili unakonda na usingizi unakataa. Damu ingepelekwa kupimwa Mwanza ili kuwa na uhakika. Nikamwuliza kama basi ile dawa ni uongo mtupu. Akasema hapana, zipo tafiti chache, nyingi ndogo na za wiki chache tu, zinazoonyesha inaweza kusaidia kidogo usingizi na msongo wa mawazo. Ila ikitumiwa muda mrefu inafanya nini mwilini, hilo halijulikani vizuri. Niache vidonge vya kopo leo, na kile cha tezi nisikiache wala kukipunguza mwenyewe.

Nilikuwa naanza kupumua aliposema, huku anaandika, kwamba na wajawazito pia wanakatazwa.

"Kwa nini wajawazito?" nikauliza.

"Kuna wasiwasi kwamba ikiwa nyingi inaweza kuharibu mimba. Haijathibitishwa, lakini hakuna ushahidi kwamba ni salama. Kwa hiyo tunawaambia wasiiguse."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama nje nampigia mdogo wangu, simu imezimwa, napiga tena, imezimwa. Nikapanda bodaboda. Njia nzima nilimwona amelala kwenye damu kama mara ile ya kwanza, na safari hii damu imetoka mkononi mwangu. Nilisali rozari kwa vidole, nikachanganya mafungu, nikaanza upya. Dereva alipopunguza mwendo kuwapisha ng'ombe nilimfokea, na mpaka leo naona aibu.

Nilimkuta mdogo wangu uani anapepeta maharage. Mzima. Simu ilikuwa imeisha chaji tu. Nikakaa chini kwenye vumbi na nguo zangu za ofisini. Akashtuka, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia alete lile kopo.

Lilikuwa tupu. Alikuwa anameza viwili viwili, kama nilivyomwambia, na hakuruka hata siku moja. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba siku tatu zilizopita tumbo lilimkaza asubuhi nzima, na hakumwambia mtu. Hakutaka nione kwamba anadharau kitu nilichompa.

Bodaboda ile ile ikaturudisha Rulenge, safari hii mwendo wa konokono, mdogo wangu katikati na mimi nyuma nimemshika, nikimweleza habari ya moyo wangu. Mkunga alimlaza, akaweka lile bomba la kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akasogeza. Akasogeza tena. Sijawahi kuogopa kimya kama kile. Mwishowe akaanza kuhesabu kwa kugonga kidole kitandani, haraka haraka, na hapo ndipo nikajua mtoto yupo.

Daktari alipoingia, mdogo wangu alimwuliza kama mtoto atakuwa mzima.

"Leo moyo wake unapiga vizuri," alisema. "Zaidi ya hapo nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Acha kabisa hivyo vidonge, uje kila baada ya wiki mbili, na tumbo likikaza au ukiona damu usisubiri. Nani alikuambia ni salama?"

Nilingoja mdogo wangu aninyooshee kidole. Nilikuwa tayari.

"Nilinunua mwenyewe," akasema mdogo wangu. "Sokoni."

Yeye hadanganyi. Tangu tukiwa watoto, tukivunja chungu, yeye ndiye alikuwa anaenda kusema kwa mama. Na sasa amelala pale, hajui kama mtoto wake atafika, anatafuta pa kunificha.

"Si sokoni," nikasema. "Nilimpa mimi. Na mimi ndiye niliyemwambia ameze viwili."

Daktari alinitazama, akaandika. Mdogo wangu aligeukia ukutani na hakuniangalia mpaka tulipofika nje. Pale kivulini akanishika kifundo cha mkono, akabonyeza kidole kwenye mshipa, akatulia akihesabu midomo ikichezacheza.

"Dada," akasema, "na wewe moyo wako bado unakwenda mbio."