Barua kwa Mja wa Mungu

Tima wa Yakub alikuwa na duka pale Tseikuru, na mdomo wake haukujua kupumzika. Bei ya sukari alikutangazia ukiwa bado barabarani. Tulipomchagua kuwa mweka hazina wa mradi wa maji, mwaka wa themanini na tano, nilicheka. Huyu aweke siri? Wacha wee!

Kumbe sikumjua rafiki yangu. Siku moja nikiwa dukani kwake, Bulle, mfanyabiashara wa mifugo, alikuja akivuta fahali, akamwambia Tima:

"Mama Rashid, uza huyu, mnunue saruji. Jina langu usiandike. Nimempa Mungu."

Tima akafungua daftari la michango, na chini ya kuku wawili wa jirani yetu Kalunde akaandika: Mja wa Mungu, fahali mmoja. Kisha akanigeukia. "Ndinda, ukitoa neno, mimi na wewe basi."

Maji yalipotoka kisimani, maneno nayo yakaanza. Ng'ombe wa Bulle wakifika kunywa, watu wananuna. Eti bahili, hakutoa hata senti! Musyoka, mwenyekiti wetu, akaitisha mkutano: asiyechanga asinyweshe mifugo hapa. Na kiangazi kilikuwa kikali. Kisima kingine kilikuwa mbali, ng'ombe wale wangeangukia njiani. Bulle aliketi nyuma akitazama viatu vyake. Ulimi uliniwasha, nikaushika kwa meno.

Kabla ya kupiga kura, Tima aliomba kusoma barua za shukrani ili mwenyekiti azitie sahihi. Alikuwa ameziandika kutoka kwenye daftari, kila mtoaji na yake: ulitoa nini, kikafanya nini. Kalunde aliposikia kuku wake ndio walionunua misumari ya mbao za kujengea tangi la maji, alilia waziwazi.

Ya mwisho Tima aliisoma polepole.

"Kwa Mja wa Mungu. Fahali wako alinunua saruji ya tangi. Umekataa kutajwa, kwa hivyo barua hii haina pa kutumwa. Tunakushukuru hivi: hatutamfukuza mtu yeyote kwenye maji haya, tusije tukakufukuza wewe."

Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja akimpima jirani yake.

"Tima, ni nani huyu?" Musyoka akauliza.

"Mwenyekiti, weka sahihi."

Musyoka alishika kalamu muda mrefu. Halafu akaweka sahihi, na ile kura hakuna aliyeitaja tena. Jamani, nilimpenda Tima siku hiyo hadi nikamkumbatia mbele ya watu, akanisukuma akisema namkunjia leso.

Barua aliibandika ukutani dukani kwake. Miaka yote iliyofuata, Bulle akija kununua majani ya chai, huisoma kwanza, mstari kwa mstari, kana kwamba imefika leo. Na Tima, mwenye mdomo ule, hunyamaza kabisa mpaka amalize.